Kodi ya Mwezi na Thumni ya Mama

Mimi sijui kungoja. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajanawa mikono, na sina ushahidi wa kumpinga. Basi nikaenda kuchagua kazi ya ushonaji, ambayo kushona kwenyewe ni sehemu ndogo tu. Iliyobaki ni kungoja kulipwa.

Miaka ile simu za mkononi zilipoanza kuenea Machakos, nilikuwa nimekodi chumba cha biashara nyuma ya soko. Jumba lilikuwa na vyumba vinne, na lilijengwa na mzee mmoja Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani. Mzee alikuwa amekwisha fariki, na mjane wake ndiye aliyepokea kodi. Hatukuandikiana mkataba wowote. Tuliokuwa mle ndani tulilipa kila baada ya miezi mitatu, tena kwa kutanguliza: Januari, Aprili, Julai na Oktoba, juma la kwanza.

Kwa mwenye duka la sukari na sabuni, hilo si neno. Kwangu lilikuwa kitanzi. Nilishona sare za shule za sekondari, na shule haikulipi siku unayopeleka sweta. Inakulipa karo ikiingia, na karo za watoto wa vijiji vya Mwala na Katangi zilitegemea mavuno ya ndengu, na ndengu zilitegemea mvua. Januari, kodi ilipodaiwa, pesa yangu yote ilikuwa imegeuka vitambaa. Aprili shule zilifungwa bila kunilipa ya muhula wa kwanza. Mwezi wa sita hivi, hundi mbili tatu zilikuja kwa pamoja na nikajiona tajiri kwa siku chache, lakini kufika Julai madeni ya vitambaa yalikuwa yamezimeza. Kitu pekee kilichokuja bila kukosa ni pesa ndogo ndogo: zipu, pindo, suruali ya kupunguzwa kiuno. Hizo ukizijumlisha mwezi mzima zilitosha kodi ya mwezi mmoja. Hazikutosha ya mitatu hata siku moja.

Kila robo mwaka nilikopa, nikalipa, nikaanza kukopa tena. Usiku nilijilaza nikihesabu shule badala ya kulala. Mwisho nikaamua kwenda kumwambia mama mwenye nyumba abadilishe mpango, nilipe kila mwezi.

Nilimkuta barazani kwake akichambua mchele. Miwani yake ilikuwa imevunjika mguu mmoja, nao umefungwa kwa uzi mweusi. Uzi wenyewe ulikuwa wangu, aliniomba siku moja akipita. Alinikaribisha chai, nikainywa upesi hata ikaniunguza ulimi.

"Mama, mimi niko na shida na hii kodi," nilisema. "Si ati sitaki kulipa. Pesa yangu inakuja vibaya."

Nikamweleza yote: karo, ndengu, hundi, zipu. Alisikiliza bila kuacha mchele.

"Nikilipa kila mwezi nitaweza," nikamalizia. "Haba na haba hujaza kibaba."

"Kibaba chenyewe kikiwa kimetoboka?" aliuliza, akacheka kidogo. "Kibaba ni mimi, mwanangu. Mimi nikiombwa sijui kukataa. Jirani akija na mtoto mgonjwa, nitampa. Nyinyi mkinilipa kwa mkupuo, siku hiyo hiyo watoto wangu wanakuja, twagawana, yaisha. Nyumba mliyokodi si yangu. Ni mirathi. Langu mimi ni thumni, fungu moja katika manane. Yaliyobaki ni ya kijana wangu na dada yake, kijana mafungu mawili, dada moja. Fedha za watu zikilala kwangu kidogo kidogo, siku wakija nitawapa nini? Salamu?"

Hapo ningenyamaza. Lakini mimi nikiona mlango unafungwa, natia mguu.

"Basi mama, nitakuongezea shilingi mia kila mwezi. Ya kungojea."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Ya nini?"

"Ya kungojea. Si nitakuwa nakuchelewesha?"

Kwetu soko zima liliendeshwa hivyo. Kwenye vikundi vya akina mama, kwa mwenye vitambaa, kwa kila aliyewahi kunikopesha, ukichelewesha unaweka kitu juu, na hiyo ndiyo adabu. Nilidhani nimemheshimu.

"Mwanangu," alisema polepole, "pesa ya kungojea ni riba. Wataka niile riba ndani ya nyumba ya marehemu?"

Niliona aibu mpaka masikioni, na papo hapo nikakasirika kwa kuona aibu. Nikaanza kueleza kwamba sikukusudia, nikazidi kuharibu. Alininyamazisha kwa kiganja. Akasema wanawe wangekuja mwanzo wa Oktoba kugawana, nije siku hiyo niseme mbele yao, kwa kuwa haki ni yao.

Siku zile kabla ya Oktoba nilikuwa mtu wa kuepukwa. Nilishona mikono ya kushoto miwili kwenye sweta moja. Nilimfokea mteja aliyekuja kunilipa. Kisha akatokea kijana mmoja muuza simu, mtanashati, akaniomba futi yangu. Nikampa nikidhani ana kitambaa. Akapima mlango wangu, halafu ukuta, akanirudishia futi na kusema asante. Alikuwa amesikia chumba huenda kikawa wazi, na alikuwa tayari kulipa mwaka mzima.

Nilijua sheria ya maduka kiasi: mwenye nyumba hawezi kukutoa ghafla, ni lazima akupe notisi ya maandishi ya miezi miwili au zaidi, nawe waweza kuipinga mbele ya baraza linaloamua kesi za kodi za biashara. Lakini nilijua pia kwamba mpangaji mwenye malimbikizo ya kodi anasimama mbele ya baraza hilo kwa mguu mmoja. Na Oktoba ilikuwa imefika, nami mkononi nilikuwa na kodi ya mwezi mmoja tu.

Siku yenyewe walikaa sebuleni watatu: mama, kijana wake aliyefika kutoka Mombasa, na binti yake aliyeishi mtaa wa pili. Kodi ya vyumba vitatu ilikuwa mezani. Nikaweka yangu ya mwezi mmoja pembeni, ikaonekana kama mtoto aliyekosa kwenda shule.

"Hii ni nini?" kijana aliuliza.

"Ni ya mwezi huu. Nimekuja kuomba hivyo."

Nikaeleza tena. Nilijitahidi kwenda polepole, nikasema mwezi gani shule hulipa na mwezi gani hazilipi, na kwa nini zipu ni za kuaminika kuliko mwalimu mkuu. Binti alitabasamu. Kijana hakutabasamu.

"Fundi, mimi sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini kuna mtu anatoa mwaka mzima. Wewe kama pesa yako haina mpango, si utafute kazi ya mshahara?"

"Ningekuwa na mshahara singekuwa hapa nikikuomba," nilimjibu. "Na huyo mtu wako alipima mlango wangu na futi yangu."

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Nikajua nimekwisha haribu mara ya pili, nikainuka kuchukua pesa yangu niondoke.

"Kaa," mama alisema. Nikakaa.

Akamgeukia binti yake. "Kasha langu la fedha lina ufunguo. Ufunguo ukae kwako. Fundi akilipa kila mwezi, wewe ndiye upokee, mimi nisizione." Kisha akamgeukia kijana. "Na mwezi atakaopungukiwa, kilichopungua kitoke kwenye thumni yangu. Haki yenu haitaguswa hata senti."

Thumni ya vyumba vinne kwa miezi mitatu ilitosha kufidia mwezi wangu mmoja na nusu hivi. Kijana alipiga hesabu hiyo kichwani, nilimwona. Akamgeukia mama yake, akasema, "Kama wewe umeridhia, mama."

Nilitoka pale nimepata nilichokiomba, na sikuwa na furaha hata chembe. Nilikuwa nimetaka mzigo mwepesi. Sasa nilikuwa na siku kumi na mbili za kulipa kwa mwaka badala ya nne, na kila moja ilikuwa inapitia mfukoni mwa mwanamke mzee aliyefunga miwani kwa uzi. Deni la mtu mgumu unaweza kulilalamikia njia nzima ukaenda zako. Hili halikuwa na pa kulalamikia.

Nililipa Novemba. Nililipa Desemba, nikampa binti pesa tarehe haijafika, naye akanicheka. Nililipa mwaka mpya wote hivyo, nikikimbia na zipu zangu. Mwaka uliofuata mvua ilikataa. Ndengu zilikauka zikiwa maua, karo hazikuingia, na hata watu wa zipu wakaanza kufunga suruali zao kwa pini. Mwezi wa tatu ulifika nami sina kitu. Nilimwendea mama kabla haujaisha, nikamwambia. Alisema, "Basi," akaniuliza kama nimekula.

Ilipofika siku ya kugawana sikwenda. Binti ndiye aliyenisimulia baadaye, tena bila kunilaumu. Mama alipokea fungu lake likiwa dogo, akalifunga kwenye ncha ya leso, akasema amekula kidogo leo na ni afadhali, meno yenyewe yamekwisha. Alikuwa amepanga kununua miwani siku hiyo. Hakulitaja.

Nilikaa na habari hiyo kama mwiba. Shule moja ilinilipa mwezi wa sita. Nilisubiri hundi iive benki na pesa zitoke, nikaenda moja kwa moja barazani kwake bila hata kupitia dukani, nikamwekea mkononi kodi ya ule mwezi, na juu yake noti ya mia.

Alizisogeza karibu na jicho, moja moja. Ile ya mwisho akaitenga.

"Hii ni ya nini?"

Ulimi wangu ulitaka kusema lile neno la kungojea, nikauuma. "Ya miwani, mama."

"Miwani nitanunua kwa changu." Akanirudishia noti. Kisha akaivua ile miwani, uzi wake umelegea, akaninyooshea. "Lakini uzi unao?"

Nilikuwa nao, fundi hakosi uzi. Nilipiga magoti nikaanza kufunga upya, na vidole vyangu, vinavyotia uzi kwenye sindano gizani, vikakosa fundo mara ya kwanza, na ya pili. Nikasonya. Macho yalikuwa yamenijaa machozi, sioni ninachofunga.

"Usiharakishe, mwanangu," alisema juu yangu. "Mimi nangoja tu. Kungoja kwangu hakuna bei."