Wali Nilioudungia Sindano

Mwanamume aliyenichumbia alinipeleka kwao Faza nikajulikane na mamake. Nina kisukari cha tangu utotoni, mwili wangu hautengenezi insulini hata tone. Hilo walishaambiwa. Walichosikia wao ni "sukari" tu, basi.

Wanawake tuliketi ndani, wanaume barazani. Sinia ikatua mbele yetu, wali wa nazi umejaa. Sinia haina sahani ya kupimia, lakini jicho langu limezoea: upande wangu ulikuwa na wanga wa gramu themanini hivi. Kwangu yuniti moja ya insulini hubeba gramu kumi, kwa hiyo nane. Kipimo cha damu ya kidole kilisoma sukari kumi na mbili, nami nataka sita. Yuniti moja hunishusha tatu, basi mbili za kurekebisha. Jumla kumi. Nikajidunga chini ya buibui, nikangoja kidogo ianze kazi.

Mama mkwe akaigeuza sinia, upande wangu ukaenda kwa wengine. Mbele yangu akaweka samaki na mchicha.

"Mwenye sukari hali wali, mwanangu."

"Mama, nimeshaudungia sindano. Nisipoula nitaanguka."

"Hebu tazameni! Sindano ni ya kukuruhusu kula vibaya?"

Wakacheka. Nikaomba tena, kwa adabu zote, wifi akaniambia nisiwe na roho ya chakula. Roho ya chakula! Yuniti mbili zilikuwa na kazi yake, ile kumi na mbili. Nane zilikuja kwa ajili ya wali, na wali haupo, samaki hana wanga. Zingeishukia damu yangu.

Peremende za mkobani nilizimaliza zote, hazikutosha. Saa haikupita, jasho likanitoka, mikono ikatetema, maneno yakawa mazito mdomoni. Nikashika jagi la juisi ya ukwaju. Mama mkwe akalidaka.

"Hata mbele yetu! Unataka kumuua mwanangu kwa kukuuguza?"

Nikamwita mchumba wangu kwa sauti ya mlevi. Akaja akasimama mlangoni. Yeye alijua. Miaka miwili amekula nami, amenisaidia kuhesabu chapati, mara nyingine hunitangulia kupata jibu. Aliniona nilivyoloa, akaona samaki, akaona sinia tupu. Nikamwambia, "Nimedunga kumi. Sijala."

Akamtazama mamake. Kisha akaniambia taratibu, "Usimbishie mama. Vumilia kidogo."

Jagi nililipokonya mwenyewe. Nikanywa hadi chini, ikanimwagikia kifuani, nikaamuru niletewe wali, na binamu mmoja wa mchumba wangu akaniletea ukoko kutoka jikoni. Nilikula kwa mikono yote miwili mbele yao, kama mwehu, sikujali.

Nilipopata akili, pete ilikuwa imenata ukwaju. Nikaivua, nikaiweka juu ya yule samaki. Nilimwambia mchumba wangu abaki kwa mamake, kwani hakuwa ameondoka kwake kamwe.