Namba Sita za Huduma kwa Wateja

Mwaka jana wifi yangu, mke wa kaka, alimpa tapeli namba sita za kuthibitisha WhatsApp. Tapeli akaiteka akaunti yake, akatangaza kwenye kundi la jumuiya kwamba kaka yangu amefariki, tutume rambirambi. Tukatuma. Nililia njia nzima kutoka kwangu Mshangano hadi kwa kaka, wenzangu wamebeba kuni na unga, tukamkuta marehemu anakula ugali, anatuuliza nani amekufa. Wifi huyo sijamsamehe.

Juzi mtu akanipigia akijiita huduma kwa wateja, kisha akaniandikia WhatsApp: “Mama, tuma namba sita zilizoingia kwenye meseji, laini yako isifungwe.”

Niliisoma kwanza hiyo meseji yenye namba. Ilikuwa ya kuhamishia WhatsApp yangu simu nyingine, na ilisema usimpe mtu yeyote. Habari ya laini haikuwemo.

Nikamjibu, “Safari hii unataka kumwua nani, mwanangu? Mume wangu simtoi, hajamaliza kupalilia.”

“Mama, tutafunga laini!”

“Haya, fungeni.”

Akanibloku. Laini ilikuwa hewani vilevile, nikaitumia kumpigia wifi, nimringie.