Mstari wa Kumi na Saba

Mwalimu wa kompyuta alikuwa akilijaribu somo la kesho: wanafunzi wataingiza alama zao za hesabu, kisha watafute jumla na wastani. Akaanza kuingiza mwenyewe, majina yote arobaini. Alibakiza alama moja tu, ya mstari wa kumi na saba. Huo ulikuwa wa Kicheko, binti aliyezikwa siku tatu kabla ya mtihani. Akaandika sifuri. Wastani ukashuka kutoka sitini hadi hamsini na nane nukta tano.

“Sifuri? Mtoto yule hajawahi kupata sifuri!” akafoka peke yake, akaifuta.

Kisanduku kikabaki kitupu, jina pembeni. Kompyuta, bila haya, ikarudisha sitini yake, kana kwamba darasa halikupungukiwa na mtu.