Wanaume wa Kangwane

Nomcebo Simelane hana haraka, na mimi haraka ndiyo maradhi yangu, ndiyo maana tuligombana. Tunakaa meza moja hapa Johannesburg, katika shirika linalopima mapafu ya wachimbaji wa zamani wa dhahabu. Mwaka huu lori la eksirei lingevuka mpaka mara moja tu. Lingekwenda Eswatini kama orodha ingefikisha wanaume elfu mbili wa huko. La sivyo, Lesotho. Baba yake Nomcebo, naye mchimbaji wa zamani, yuko Nhlangano, Eswatini, anakohoa, na basi la masafa marefu la kuja kupimwa huku linamtesa.

Orodha yenyewe ilikuwa vurugu. Makarani wa migodi walikuwa wameandika Swaziland, SWAZILAND, Swazi, eSwatini, Suazilandia, na kompyuta ilihesabu kila jina kama nchi tofauti. Nomcebo alitengeneza jedwali: kushoto jina kama lilivyoandikwa, kulia msimbo mmoja, SWZ. Majina ya awali hakuyagusa. Aliongeza safu ya msimbo pembeni yake. Idadi ikapanda, nami nikaanza kutabasamu.

Likabaki jina Kangwane. Wazee wa Eswatini huita hivyo nchi yao. Lakini Kangwane ilikuwa pia jimbo ambalo serikali ya ubaguzi iliwatengea Waswazi wa upande huu, na hao ni wa Afrika Kusini, msimbo ZAF.

"Dada, wape SWZ wote, tukanywe chai," nikamwambia. "Tunavuka elfu mbili bila jasho!"

"Na waliozaliwa Kamhlushwa, upande huu wa mpaka?"

"Nani atajua?"

"Wao watajua. Lori linalozunguka humu Afrika Kusini nalo linafuata orodha hii hii. Nikiwahamisha, kwao halifiki."

Akaanza kuangalia mji wa kuzaliwa, mtu mmoja mmoja. Wasio na mji aliwapigia simu. Wengine namba zao zilikuwa zimekufa. Hao akawaacha bila msimbo.

Jumla ya SWZ: elfu moja mia tisa themanini na sita.

"Kumi na nne tu! Mama yangu!" Nilipiga meza. "Hao wasiojulikana wako thelathini. Chota kumi na nne, wewe! Ni baba yako huyo!"

"Najua ni baba yangu," akasema, akaituma orodha.

Nilimkasirikia, sifichi. Nilikuwa bado nimenuna alipopiga simu nyumbani, akaiweka mezani, spika ikiwa wazi.

"Lori linakuja lini, mwanangu?"

"Haliji, Baba. Limekwenda Lesotho. Hatukutimia."

Mzee alikohoa kwanza. "Nani kahesabu?"

"Mimi."

"Ulihesabu vizuri?"

"Vizuri, Baba."

"Haya." Akapumua kwa shida. "Basi njoo unichukue. Ila uje na gari lenye kiti kinacholala."

Nomcebo akafunika uso kwa mikono. Nikatoa ufunguo wa gari langu mfukoni, nikamwekea juu ya meza.