Dola Ilipoteremka Chwele

Mtu akiniambia tena kwamba dola ni pesa nzuri, nitamwonyesha mlango. Nauza vikapu nje ya nchi kutoka duka langu la Kitale, na sijaona kitu cha kuudhi kama pesa inayobadilika ukiwa umelala. Ukiuza gunia la mahindi unajua umepata nini kabla hujafika nyumbani. Dola utaijua siku benki itakapoamua kukuambia.

Vikapu vinasukwa na kikundi cha akina mama upande wa Chwele, na mwenyekiti wao ni wifi yangu, dada ya mume wangu. Ni mjane. Kikundi kilianzia sebuleni kwake, na wale akina mama walikubali kusuka kwanza na kulipwa baadaye kwa sababu ya jina lake, si langu. Mimi kwao ni yule Mkikuyu wa Kitale aliyeolewa na ndugu yao. Jina la wifi likichafuka, hakuna kikundi, na yeye hana kingine.

Mnunuzi wetu yuko Marekani na hataki kusikia habari ya shilingi. Kwa hiyo ankara naiandika kwa dola, namtumia siku vikapu vinapoondoka, naye analipa miezi miwili baada ya kuvipokea. Sehemu yangu iko kwenye mstari wake peke yake, na pesa ya kikundi iko kwenye wake. Hapo hakuna shida.

Shida ni desturi yao. Siku ankara inapotumwa, wanakusanyika kwa wifi, chai inapikwa, na mmoja anauliza, "Dola leo ni ngapi?" Wanazidisha, wanagawa, kila mmoja anaondoka na fungu lake kichwani. Kufikia jioni limeshaahidiwa kwa mwenye duka la mabati, kwa karo, kwa fundi wa kisima. Nimewaambia mpaka nimechoka kwamba hiyo ni pesa ya mdomo, bei ya leo si bei ya siku ya kulipwa. Wananiitikia vizuri sana, "Ni kweli mama," kisha wanaendelea kugawa.

Tena mwaka wa kwanza Mungu aliwaharibu kabisa. Kati ya ankara na malipo dola ikapanda, na pesa ikaja zaidi ya ile ya mdomo. Nikawaambia tuiweke hiyo ziada, akiba haiozi, kwa sababu iliyopanda huteremka. Wee! Nani alinisikia? "Hiyo ni baraka, bana, baraka haiwekwi benki." Waliigawa yote mpaka sarafu ya mwisho, na kuku wakachinjwa.

Ankara iliyotuumiza ilikuwa ya dola elfu tano, sehemu yao. Siku hiyo dola moja ilikuwa shilingi mia moja sitini. Laki nane! Hata mimi niliogopa kuwaambia, lakini kila mtu ana simu. Wakagawa. Halafu, vikapu vikiwa bado safarini, shilingi ikaanza kupata nguvu. Kila asubuhi nikifungua simu dola imeteremka tena. Nilimwandikia mnunuzi nikimwomba alipe mapema, akanijibu kwa adabu kwamba makubaliano ni makubaliano. Na alikuwa na haki, kwake yeye dola elfu tano ni dola elfu tano.

Pesa ilipoingia, dola arobaini zilikuwa zimekatwa na benki ilizopitia njiani. Nikaenda benki Kitale. Msichana wa kaunta akanipa bei ambayo si ile ya kwenye habari. Nikamwuliza, si juzi televisheni ilisema mia moja thelathini? Akasema hiyo ni bei ya katikati; benki hununua dola chini yake na kuuza juu yake. Nikaomba kuongea na wakubwa wake wanaopanga bei. Nikabembeleza, nikapandisha sauti kidogo, wakaniongeza nusu shilingi. Mia moja ishirini na tisa. Ningeweza kuziacha dola kwenye akaunti ya dola zingoje, lakini zingoje nini? Zingeweza kuteremka tena, na karo ilikuwa inangojwa. Nikabadilisha. Ikatoka laki sita na elfu thelathini na tisa, mia nane na arobaini.

Basi nikashuka Bungoma na karatasi za benki, nikaunganisha mpaka Chwele. Niliwaeleza polepole. Zilizokatwa njiani ni hizi, kidogo tu. Zilizobaki, karibu laki moja na nusu, zimeliwa na bei. Hazikuchukuliwa na mtu. Hazikuwahi kuwepo.

"Ati hazikuwahi kuwepo na tuligawa?" akauliza mmoja.

Mwingine, mwenye sauti, akasimama. "Redio imesema shilingi yetu imepata nguvu, wakubwa wamefurahi. Sasa shilingi ikipata nguvu, sisi tunapata kidogo? Si huo ni uongo, mama?"

Jameni, utamjibu nini mtu kama huyo? Nikamwambia ndivyo ilivyo, anayelipwa dola huumia shilingi ikipona. Nikawakumbusha ile ziada. Ilitoka wapi, si hapo hapo kwa bei? Mkaila. Basi na hasara ni yenu vilevile.

"Ile ilikuwa baraka," wakasema. "Hii ni nini?"

Nilitaka kujirusha ukutani. Na wakati nabishana, sikuona kwamba wameacha kunitazama mimi. Walikuwa wanamtazama wifi. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, lakini ya kusikika, kwamba mawifi ni mawifi, na wakila hula sahani moja.

Wifi akainuka. Akasema, "Mtapata yenu yote."

Nilimvuta hadi jikoni. "Wifi, usithubutu! Ukilipa, umekiri kwamba uliiba. Hasara ni ya bei, acha waipokee kama walivyopokea faida."

"Wewe unapanda gari unarudi Kitale," akasema. "Mimi nachota maji nao."

"Basi tugawane. Nitoe nusu."

"Ukitoa na wewe, watasema tulikula wawili."

Pengo alilijaza mwenyewe. Aliuza ng'ombe wake wa maziwa, aliyekuwa na mimba, yule aliyekuwa akimlipia kila kitu pale nyumbani. Mnunuzi wa Webuye alikuja na pickup akamchukua. Nilimpigia wifi simu nikagomba mpaka salio likaisha.

Tangu hapo nimebadilisha ankara. Nimeandika kwamba gharama zote za benki ni za mnunuzi, na nusu ya pesa inatangulia kabla ya vikapu kuondoka, ili bei ya siku moja isiikute pesa yote. Yule wa Marekani alikubali bila neno. Kumbe ingewezekana, iliniuma kweli.

Siku ya kugawa nilikwenda nikakaa kando na hasira zangu. Kila mama alipokea fungu lake la zile laki nane, kamili. Wakahesabu, wakafunga kwenye leso. Hakuna aliyeuliza kwa nini zizi lilikuwa tupu, ingawa walipita karibu nalo wakiingia. Mwishowe mmoja wao, mzee wa kanisa, mama mpole kabisa ambaye sijawahi kumsikia akisema ubaya, akamshika wifi mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Tumekusamehe," akamwambia. "Shetani hujaribu kila mtu. La maana umerudisha."

Wengine wakaitikia amina. Wifi akanitupia jicho nisifungue mdomo, akainamisha kichwa, akamwambia asante.