Mfano Nilioutoa Kwenye Usaili

Wakati ule kiwanda cha kuchambua pamba nilichokuwa nikifanyia kazi kilikuwa kimefungwa. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia, chama cha ushirika kimeyumba, na sisi makarani wadogo tukaambiwa twende nyumbani tukasubiri kuitwa. Hatukuitwa. Nilirudi kwa mama, kijiji cha ufukweni upande wa Magu, nikawa nakaanga mapanki, yale mabaki ya sangara ambayo viwanda vya minofu vya Mwanza vilikuwa vimeshayachuna nyama. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na cheti cha kidato cha nne, na niliona haya kunuka mafuta.

Ndipo likaja tangazo kwamba kijiji chetu kinatafuta mhudumu wa afya mwanamke. Kazi yenyewe ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba, kuuliza hali za watu, kuwaeleza mambo ya maji, vyoo, chanjo na kuharisha kwa watoto, na kuwaelekeza zahanati wanaohitaji kutibiwa. Mkutano wa kijiji ulipendekeza wanawake watatu, mimi nikiwa mmojawapo. Tukaambiwa tutasailiwa kwenye ofisi ya kata.

Niliingia wa mwisho. Nyuma ya meza walikaa watu watatu. Katikati alikuwa nesi kutoka kituo cha afya, mama mnene wa sauti ya chini ambaye ndiye angewafundisha watakaochaguliwa. Kulia kwake bwana afya wa kata. Kushoto mama mmoja mtu mzima, mjumbe wa kamati ya afya kutoka kijiji cha pili. Huyo sikumfahamu. Niliwaamkia wote, shikamooni, wakaitikia, nikaonyeshwa benchi.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno, na nadhani hapo ndipo nilipoharibikiwa. Nesi alisema, "Mimi ni mama sijasoma. Mtoto wangu anaharisha tangu jana. Nieleze."

Nikamuuliza kwanza kama kinyesi kina damu, kama mtoto bado ananyonya, kama macho yamebonyea. Nikamwambia achemshe maji, yakipoa apime chupa mbili za bia, atie vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, akoroge, aonje mwenyewe. Yakizidi machozi kwa chumvi ayamwage aanze upya. Ampe mtoto kidogo kidogo, akitapika asubiri kama dakika kumi kisha aendelee polepole, na asimwachishe ziwa. Mtoto akilegea, au akishindwa kunywa, asingoje kesho, aende zahanati. Halafu nikasema, "Sasa mama, hebu nieleze wewe utakavyofanya, nione kama mimi nimeeleza vizuri."

Bwana afya aliacha kuandika akanitazama. Nesi akatabasamu. Nikajua kazi nimeipata.

Akaniuliza swali la pili. "Umefika nyumba yenye mgonjwa, nao hawataki ijulikane. Utafanya nini?"

Ningeweza kujibu kwa sentensi mbili. Lakini mimi nilikuwa na kitu ambacho wale wenzangu wawili hawakuwa nacho. Nilikuwa nimeshaifanya kazi hiyo.

"Nitatoa mfano," nikasema. "Jina sitataja."

Nikawasimulia habari za jirani yetu, mjane, ambaye binti yake alirudi kutoka mjini baada ya kufiwa na mume, amekonda, anakohoa, na mtoto wa miaka minne mkononi. Wakamweka chumba cha nyuma. Kijijini watu wangesema ni ule ugonjwa, wakati huo kila aliyekonda alisemwa hivyo. Mama yake aliniita mimi kwa sababu nilikuwa najua kusoma karatasi za hospitali. Nikakaa na binti yule peke yetu, nikamweleza kwamba kikohozi cha muda mrefu hupimwa, kwamba atatakiwa kutoa makohozi mara tatu, na kwamba kama ni kifua kikuu dawa ipo na inaponya. Akakubali. Ikaonekana ni kifua kikuu kweli. Sasa alikuwa na wiki mbili kwenye dozi ya miezi minane, na ile miwili ya kwanza alitakiwa kuimeza kila siku mbele ya nesi wa zahanati. Alikuwa akienda asubuhi mapema, kabla foleni haijaanza, kajitanda khanga hadi machoni. Nikaeleza hata hilo la khanga. Nilikuwa nasimulia vizuri. Nilijisikia nikisimulia vizuri.

Yule mama wa kushoto akauliza taratibu, "Nyumba hiyo ina mlango wa bluu?"

Nikasema, "Ndiyo."

Neno lilikuwa limeshatoka. (Mlango haukuwa wa bluu. Mwenye habari hii aliniruhusu miaka mingi baadaye niisimulie, akataka nibadilishe baadhi ya vitu, nami nimevibadilisha.)

Mama yule akaweka kalamu mezani. "Huyo ni mtoto wa kaka yangu," akasema. "Mimi ndiye niliyemtafutia mume. Niliambiwa yuko Mwanza, mzima, na mtoto mzima."

Nje mtu alikuwa akiteka maji kwenye pampu, nikasikia mpini ukipanda na kushuka. Nilitaka kusema kwamba nimekosea nyumba. Shangazi yule aliomba ruhusa, akatoka, na kupitia dirishani nikamwona akisimama juani bila kufunika kichwa.

"Nilisema sitataja jina," nikamwambia nesi. "Sikulitaja."

"Ni kweli," akasema. "Hukulitaja." Alifunga daftari lake. Hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. "Kijiji chenu kina nyumba ngapi zenye mjane, binti aliyerudi na mtoto wa miaka minne? Wale watu walikufungulia mlango wewe. Hawakutufungulia sisi."

Nikamuuliza nifanye nini.

"Nenda kawaambie mwenyewe, kabla hawajasikia kwa mwingine. Usijitetee. Waambie ulichosema, neno kwa neno, na nani alikuwepo."

Kutoka ofisi ya kata hadi kwetu ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Sikumbuki njia. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima na kwamba nilipofika uani kwa jirani kimoja kilikuwa mkononi.

Mjane alikuwa anapepeta mchele. Binti yake alikuwa amekaa mlangoni, mwanawe kalala mapajani mwake; wiki mbili za dawa zilikuwa zimeshampunguzia homa, na alikuwa ameanza kutoka chumbani mchana. Aliponiona akauliza, "Umepata?" Alikuwa ameniombea nipate.

Nikapiga magoti nikawaambia. Nilisema yote, khanga, foleni, wiki mbili, mlango. Nilipomtaja shangazi, mjane aliacha ungo ukainama na mchele ukamwagika chini, naye hakuinama kuuokota.

"Mwanangu," akaniambia, "kwa nini unadhani tulimficha?"

Sikujua. Nilikuwa sijawahi kuuliza. Nilidhani ni aibu ya ugonjwa, nikaishia hapo. Binti ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya kawaida, akimtazama mwanawe. Ndugu za marehemu mume wake, walioko Busisi, ng'ambo ya ziwa, walikuwa wakimtaka mtoto tangu mazishi. Alikuwa amewaambia kwamba yuko Mwanza anafanya kazi na anamlea mwenyewe. Wakijua ni mgonjwa, na hana kazi, hawatangoja. Na shangazi, aliyesimamia ndoa ile, asingeweza kujua jambo hilo akawaficha. Alikuwa na wajibu kwao.

"Ningekuambia," akasema. "Hukuuliza."

Kisha akamnyanyua mtoto wakaingia ndani. Mjane akanitazama mpaka nikaondoka.

Shangazi alifika kesho yake. Nilimwona akipita na kikapu cha viazi, akakaa mpaka jioni, na sauti hazikupanda. Baadaye nilisikia kwamba alilia, akampikia mgonjwa uji, akamwogesha mtoto. Pia aliwapelekea habari watu wa ng'ambo. Alifanya yote mawili, na sidhani aliona kwamba yanapingana.

Walikuja wiki ya pili, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wamevuka kwa pantoni asubuhi. Walikuwa wapole. Walileta sabuni na sukari, wakampa pole mgonjwa, wakamweleza kwamba mtoto atakaa kwao mpaka mama apone. Nilikuwa kwenye jiko langu la mapanki barabarani walipopita naye. Alikuwa amevalishwa shati jipya, lebo bado inaning'inia shingoni. Hakuwa analia. Alinipungia mkono kwa sababu alinizoea, na mimi nikasimama na mwiko wa mafuta, mkono haukunyanyuka kumjibu.

Kazi alipata mwenzangu. Nilifurahi kuikosa, kama naweza kuiita furaha.

Binti yule alimaliza dozi yake yote. Shangazi ndiye aliyekuwa akimsindikiza zahanati miezi ile ya kwanza, wazi, bila khanga usoni. Alipopona alivuka kwenda kumdai mwanawe, akarudi peke yake. Mara ya tatu walimruhusu aje naye likizo. Ikawa hivyo, likizo kwa likizo, kwa miaka. Mtoto alikua akimwita bibi yake wa ng'ambo "mama".

Mwenzangu alipoolewa akahama, nesi aliniletea ujumbe kwamba nafasi iko wazi. Nilimfuata kumwambia kwamba mimi sifai. Akasema hajanitafuta kwa sababu ninafaa. Amenitafuta kwa sababu najua neno likitoka linafika wapi. Nikaenda kwenye mafunzo. Alitufundisha kuomba ruhusa kabla ya kukaa, kusema mapema tutauliza nini na kwa nini, kumwacha mtu asijibu asilotaka, na kutouliza ya mke mbele ya mumewe wala ya mkwe mbele ya mama mkwe. Alitufundisha kwamba kuficha jina hakutoshi ukiacha kila kitu kingine wazi. Aliposema hilo hakunitazama.

Siku tuliyogawiwa nyumba, mimi na mhudumu mwenzangu mwanamume, orodha yangu ilikuwa na nyumba ya mjane. Nilikwenda nikabisha hodi, nikasimama uani. Binti alitoka, amenenepa, mikono ina unga.

"Nimekuja kuuliza kama mnapenda niwe nakuja mimi," nikasema, "au aje yule mwenzangu."

Alijipangusa unga mikononi. "Aje yeye," akasema.

"Sawa."

"Si kwa ubaya."

"Najua. Nitamwambia aje, sitamwambia kwa nini."

Nikatoa kalamu nikaikata nyumba hiyo kwenye orodha mbele ya macho yake, nikaaga, nikaenda nyumba iliyofuata.