Mwalimu Mmoja, Kwenye Safu ya Michango

Mimi ni dereva wa chuo, na watu wakishaingia kwenye gari husahau kwamba dereva naye ana masikio. Nisingemjua Madam Eva vinginevyo, maana si mtu wa maneno. Ukimuuliza hali anasema nzuri, na ukimuuliza tena anakuuliza wewe kama umekula.

Chuo chetu cha ufundi kiko Nachingwea. Miaka mitatu iliyopita kiliwekeana saini Hati ya Makubaliano na umoja wa wakulima wa Narung'ombe, kule Ruangwa, ili wasichana wa kijiji wafundishwe ushonaji bila kusafiri. Madam Eva ndiye aliyepelekwa. Mume wake alishafariki, binti yake kaolewa Masasi, na ofisini wakasema hana kinachomshika mjini. Sijui nani aliwapa kazi ya kupima vinavyowashika wenzao. Alikuwa na mama yake Kiegei, huku huku Nachingwea, mzee aliyeanza kupotelewa na kumbukumbu, na kutoka Narung'ombe kwenda Kiegei si safari ya kwenda na kurudi jioni.

Nilikuwa nampelekea nyuzi na vitambaa. Mara ya kwanza nilimkuta kwenye msimu wa korosho, na sitaisahau siku ile. Kijiji chote kilikuwa kimehamia mashambani, na wanafunzi wake nao, kwa sababu korosho ikianguka haimsubiri mtu amalize kupinda suruali. Nyumba zilifungwa kwa kamba. Madam alikuwa darasani peke yake, anatia mafuta vyerehani ambavyo havikuwa na mtu wa kuvikalia. Alinikaribisha chai, na nilipoimaliza akanimiminia nyingine kabla sijasema neno. Nikajua hataki niondoke. Niliondoka hivyo hivyo, maana gari si langu.

Msimu uliofuata mambo yakabadilika, na hapo ndipo kisa kilipoanzia. Wasichana wakubwa walikwenda mashambani kama kawaida, ila nyumba zao hazikutaka kuonekana zimeitupa nafasi. Kwa hiyo zikaleta wadogo zao. Mwanaima alikwenda korosho, mdogo wake Hajra akaja kumshikia kiti. Zilikuwa nyumba nyingi zilizofanya hivyo. Kwa watu wa kule hilo si ajabu hata kidogo: nafasi ni ya nyumba, na nyumba huleta yule aliyepo. Msimu ulipokwisha, Mwanaima alikuwa na mchumba na hamu ya cherehani imemwisha, na Hajra tayari alikuwa anajua kukata sketi. Akabaki yeye.

Madam alipaswa kukataa, au walau kuandikia chuo. Hakufanya hata moja. Aliniambia baadaye kwamba siku Hajra alipochungulia mlangoni na kuuliza kama anaweza kukaa kwenye kiti cha dada yake, yeye alikuwa hajaongea na mtu tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Angemfukuzaje?

Mwaka huu Mkuu wetu wa chuo, Bi Zuleha, akaamua kwamba makubaliano yale yamemchosha. Fundi mwalimu wa ushonaji wa hapa mjini alikuwa amestaafu na darasa halina mtu. Umoja nao haukuwa umetimiza kila ulichoahidi. Tanki la maji la nyumba ya mwalimu lilikuwa bado ni habari ya mdomoni. Basi kikao cha pande mbili kikapangwa Ruangwa mjini, mwezi wa nane, kabla korosho hazijaanza kuanguka. Bi Zuleha alimjua kila mtu atakayekaa pale, na alijua hakuna atakayesoma hati nzima. Akamwagiza Madam Eva aifupishe iwe ukurasa mmoja: wajibu wa kila upande, michango ya kila upande, na masharti ya kujitoa. Bahasha yenye hati niliipeleka mimi, pamoja na ujumbe wa mdomo. Mkuu alisema, "Mwambie tukitoka salama, anarudi nyumbani."

Nilipoufikisha ujumbe ule, Madam aliniomba niurudie. Nikaurudia. Akacheka kidogo, akajishika shavu. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka kwa sababu yake mwenyewe.

Gari liliharibika pampu siku ile, nikalala kijijini nikisubiri kipuri, kwa hiyo nilimwona akiifanya kazi yenyewe. Kesho yake asubuhi alikaa barazani na hati, rula na penseli. Kwanza aliisoma yote bila kuandika kitu, mpaka viambatisho. Nikamtania kwamba mimi ningeanza kunakili vichwa vya habari na kwenda zangu kulala. Akasema vichwa vya habari ndivyo vinavyodanganya, maana mtu huandika jambo pale alipolikumbuka, si pale linapostahili kukaa.

Kisha akaanza kuchambua. Kila kifungu alikiuliza nani anafanya. Chuo kufundisha, kusimamia mitihani na kutoa vyeti, huo ni wajibu. Umoja kuhamasisha wazazi na kutunza jengo, wajibu. Vyerehani na vitambaa ni michango ya chuo. Jengo na nyumba ni michango ya umoja. Palipoandikwa upande fulani "utafanya", aliandika utafanya. Palipoandikwa "utajitahidi", aliacha utajitahidi, na hapo ndipo tanki la maji lilipokuwa limelala muda wote huo. Niliona aibu kwa niaba ya Mkuu, aliyekuwa akililalamikia kana kwamba liliahidiwa kwa kiapo. Mbele ya kila mstari aliweka namba ya kifungu, ili anayebisha aende akajisomee.

Alipofika katikati ya ukurasa alisimamisha penseli. Akanigeuzia karatasi nione. Chini ya michango ya chuo, baada ya vyerehani, pasi za mkaa na meza ya kukatia, paliandikwa: mwalimu mmoja.

"Ndiyo mimi huyo, Masoudi," akasema. "Niko baada ya meza."

Nilimwambia meza ile ni ya mninga.

Masharti ya kujitoa yalionekana mepesi. Sehemu yake mwishoni mwa hati ilisema upande unaotaka kujitoa utoe taarifa ya maandishi miezi mitatu kabla, pande zikae kwanza kujadiliana, kisha kila mchango unaohamishika urudi kwa aliyeutoa, na kilichojengewa kibaki na jengo. Basi. Vyerehani vinarudi, meza inarudi, mwalimu anarudi. Miezi mitatu tu, hata msimu wa korosho usingekuwa umekwisha.

Ila kwenye kurasa za mwanzoni, chini ya wajibu wa chuo, katikati ya habari za mitihani, kulikuwa na kifungu kingine: kundi lolote lililoanza mafunzo litafikishwa mwisho, hata kama upande mmoja umeamua kujitoa. Kilikaa mahali pasipo pake. Angekiacha pale pale chini ya wajibu, kwa maneno machache, na asingekuwa amesema uongo. Watu wangetazama sehemu ya kujitoa, wasingekiona, na yeye angefungasha.

Alikaa nacho muda mrefu. Alinyanyuka akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika, akarudi. Akaniuliza kama mimi nikiwa Kiegei huwa napita kwa mama yake. Nikasema ndiyo, na kwamba safari iliyopita mzee aliniita kwa jina la marehemu mume wa Madam. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaandika kifungu kile mara mbili: kwenye wajibu, na tena kwenye masharti ya kujitoa, namba yake mbele.

Nilikasirika. Nilimwambia waziwazi kwamba hakuna aliyemwomba awe mkweli kiasi hicho. Akasema mtu akitaka kutoka nyumba ya watu, amwambie mwenye nyumba kila kilichopo mlangoni.

Kikaoni nilikaa nyuma, karibu na soda. Kila mtu alikuwa na ukurasa wake. Bi Zuleha alifika kwenye kile kifungu, akasita, akamtazama Madam, kisha akakwepa kwa ustadi. Akasema kundi lililosajiliwa lilitimiza mwaka wake mwezi wa sita, kwa hiyo chuo hakidaiwi kundi lolote, na taarifa ya kujitoa inaweza kuandikwa leo. Kwa karatasi alikuwa sahihi kabisa. Nikaona hata mimi mlango umefunguka tena, na safari hii Madam hakuwa ameugusa. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, kazi anayoiweza kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Akasimama. Akasema waliosajiliwa sio walioko darasani. Akaeleza habari ya dada na wadogo zao, na kwamba yeye ndiye aliyewaruhusu bila kuandikia chuo. Alipoulizwa kwa nini, akasema, "Nilikuwa peke yangu, Mkuu."

Mzee Mahamudu, mwenyekiti wa umoja, ndiye aliyeitikia kwanza. Alisema taratibu, kwa Kiswahili chake chenye Kimwera ndani, "Mwalimu, kiti ni cha nyumba. Aliyekalia ndiye aliyeanza. Hawa watoto wakiachwa nusu, mimi narudi vipi kule?"

Wakabishana, wakanywa soda, wakabishana tena. Mwisho wakakubaliana na kuandika: chuo kinajitoa, taarifa imepokelewa, na kundi maana yake ni wasichana wanaokalia vyerehani leo. Madam aliulizwa watamaliza lini. Akasema kwa kuwa msimu wa korosho uko mbele na darasa litasimama, si kabla ya masika ya mwakani. Bi Zuleha akasema basi mwalimu abaki mpaka masika. Akaandika, akaweka saini, na Mzee Mahamudu akaweka yake. Madam aliulizwa mambo mengi siku ile, ila lile moja, kama yeye anataka kubaki, hakuulizwa.

Nilimrudisha Narung'ombe mchana uleule. Njiani mikorosho ilikuwa imeshachanua, na wanawake walikuwa wanafyeka chini yake kuandaa msimu. Baada ya Nandagala mtandao ukashika, akaomba nisimame ampigie mama yake. Barabara ilikuwa kimya na sauti ya simu yake ni kubwa, nikasikia yote.

Mzee aliuliza, "Nani mwenzangu?" Madam akasema ni Eva. Mzee akauliza Eva yupi. Madam akasema ni mwalimu wa kule Narung'ombe.

"Aa, Narung'ombe," mzee akasema, na sauti yake ikachangamka. "Hata mwanangu anafundisha huko. Ukimwona mwambie arudi, namngojea."

"Nitamwambia, mama," akasema Madam Eva.